Geti lifungwe saa ngapi, na aliyechelewa alale wapi

*Habari za kazi, mtaalamu. Nina kambi ya mahema yenye viwanja 14 kando ya barabara kuu. Wageni wangu wengi ni wasafiri wa magari wanaovuka nchi hadi nchi. Wanalipia nafasi, kisha wanafika usiku, wanataka hema la kukodi, wanataka moto, na waliokwisha kulala wanaamka na kulalamika. Masharti nimeyaandika ukurasa mzima lakini bado tunagombana. Niyaandikeje?*

Ndugu yangu, ugomvi wote huo unaanzia getini. Hema, moto na kelele vinafuata tu nyuma ya gari lililochelewa kuingia. Wenye kambi wengi huandika "geti linafungwa saa 1 usiku" wakaishia hapo, na sentensi hiyo haimwambii kitu mtu aliyefika saa 3 usiku na watoto wamelala kiti cha nyuma. Mlinzi hawezi kumrudisha barabarani gizani, na hapaswi kumrudisha. Kwa hiyo anafungua. Akishafungua mara moja, wageni wa kesho wanajua kwamba saa iliyoandikwa si ya kweli, na masharti mengine yote yanalegea pamoja nayo.

Kambi ya kwanza niliyoisimamia ilikuwa na sharti hilohilo. Usiku mmoja yaliingia magari mawili saa 4 na robo, na mlinzi akayapeleka kwenye kiwanja kilichohifadhiwa kwa ajili yao, mwisho kabisa wa kambi. Taa zao zilipita juu ya kila hema lililokuwa njiani. Halafu wakaanza kupigilia vigingi kwa nyundo kwenye ardhi ngumu, na sauti ya chuma juu ya chuma usiku inakwenda mbali kuliko mazungumzo. Asubuhi familia tatu zilidai pesa zao, nikawarudishia, kwa sababu walikuwa na haki. Tangu siku ile nikaelewa kwamba swali la kwanza ni aliyechelewa alale wapi. Saa ya kufunga geti inakuja baada ya hapo.

Saa yenyewe usiichague kwa mazoea. Ihesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya utulivu. Tuseme utulivu unaanza saa 4 usiku, ambayo ndiyo saa inayotumika kwenye kambi nyingi. Kuni za mwisho ziwe zimewekwa motoni saa 3, kwa sababu gogo la kawaida huchukua saa moja hivi kushuka kuwa makaa unayoweza kuyazima bila vurugu. Anayepika kwa moto wa kuni anahitaji nusu saa au zaidi kabla ya kupata makaa ya kupikia, kisha apike na ale. Huyo lazima awe amewasha moto saa 1 na nusu. Kabla ya kuwasha, ajiandikishe mapokezi, aegeshe, na asimamishe hema asilolizoea, kazi ya nusu saa kwa mtu aliyechoka. Umeshafika saa 1 kamili. Kwa hiyo saa 1 usiku si namba ya kubahatisha: ndiyo saa ya mwisho ambayo mgeni anaweza kuingia na bado akapata usiku kamili aliolipia. Ukiieleza hivyo kwenye masharti, kwa sentensi moja tu, wageni wanaiheshimu kuliko wakiambiwa ni kanuni.

Kama kambi yako imo ndani ya hifadhi au eneo lingine lenye geti lake kuu, hesabu inabadilika. Geti la hifadhi si lako na huwezi kulilegeza. Andika saa zote mbili na muda wa kuendesha kati ya geti moja na jingine kwa mwendo unaoruhusiwa, kwa sababu msafiri anayesoma "geti linafungwa saa 12" hajui unazungumzia geti lipi.

Kuna jambo la kuandika saa ambalo wengi hulidharau, nami nimeshuhudia likiharibu safari za watu. Msafiri wa mbali akiandikiwa "saa 1" huelewa saa saba mchana, na mwenyeji akiandikiwa "7" na mgeni huweza kuelewa saa saba. Andika kwa saa 24, kisha kwa maneno: 19:00, yaani saa 1 usiku. Ongeza kwamba ni saa za mahali kambi ilipo. Anayevuka mipaka anaweza kuvuka pia ukanda wa saa, na simu yake karibu na mpaka inaweza kunasa mnara wa upande wa pili ikamwonyesha saa nyingine kabisa. Mtu huyo anakufikia akiamini bado ana saa nzima mkononi.

Sasa tuje kwa aliyechelewa. Katika viwanja vyako 14, toa viwili vilivyo karibu zaidi na geti, uviite viwanja vya waliochelewa, na usivihifadhie mtu kwa jina. Gari lifike pale bila kupita mbele ya hema la mtu. Pawe na taa ndogo inayomulika chini, choo kisiwe mbali, na ardhi iwe tambarare, maana wenye hema la juu ya gari hawawezi kulala gari likiwa limeinama. Ukishakuwa na viwanja hivyo, sharti linaandikika kwa lugha nyepesi. Mimi hutumia maneno haya:

"Geti liko wazi kwa wanaofika hadi 19:00, saa 1 usiku, saa za hapa kambini. Ukiona utachelewa, tupe taarifa kabla ya 18:00. Anayefika baada ya 19:00 atapokelewa, lakini atalala kiwanja cha waliochelewa usiku huo, bila moto, na atahamia kiwanja chake asubuhi. Baada ya 21:00 hatutoi hema la kukodi ambalo halikuombwa mapema. Utalala garini au kwenye hema lako."

Angalia kwamba hakuna faini humo. Wakati fulani nilitoza faini ya kuchelewa nikaiacha. Aliyelipa faini huona amenunua haki ya kuchelewa, kisha anadai moto na kiwanja chake. Kunyimwa moto na kulala karibu na geti kwa usiku mmoja kunatosha, na hakuna anayebishana nako kwa sababu alikisoma kabla ya kulipa.

Taarifa ya kabla ya saa 12 jioni ndiyo inayokusaidia zaidi, kwa sababu ya hema la kukodi. Chukua mfano wa kundi la watu sita, magari mawili, waliokodi mahema mawili na kulipia kuni za usiku mmoja. Wamesema watafika saa 11 na nusu jioni. Saa 10 na dakika 10 wanakutumia ujumbe: gari moja limepata pancha mara mbili, hawatafika kabla ya saa 2. Mfanyakazi wako bado yuko kazini na mwanga upo. Anasimamisha mahema yote mawili kwenye viwanja vya waliochelewa, anakaza kamba, anaweka magodoro, anafunga zipu ili wadudu wasiingie. Saa 2 na dakika 40 wanafika. Mlinzi anawaonyesha mahali, hakuna nyundo, hakuna gari linalozunguka kambi nzima. Wanapika kwa jiko la gesi kwenye banda la kupikia hadi saa 3 na nusu. Kuni zao hazikuwashwa, kwa hiyo zinahamia usiku wa pili kama wanabaki, au wanarudishiwa pesa ya kuni asubuhi wakiondoka. Wasingekupa taarifa, mahema hayo yangesimamishwa gizani kwa nyundo, na waliolala wangeamka kulalamika.

Mahema yana ugomvi wa aina yake, na karibu wote unatokana na mambo mawili: ukubwa na ukaguzi. Hema linaloandikwa na mtengenezaji kuwa la watu wanne linachukua watu wanne waliolala bega kwa bega, mizigo ikiwa nje. Wasafiri wa barabarani wana mabegi. Wewe likodishe kama hema la watu wawili au watatu, na uandike vipimo vya sakafu kwa mita, urefu kwa upana, ili mtu apime mwenyewe godoro lake kabla hajalipa.

Ukaguzi ufanywe kwa mwanga wa mchana, mwenyeji na mgeni wakiwa pamoja, na hauchukui zaidi ya dakika tano. Kila zipu ifunguliwe na kufungwa mara moja, kwa sababu zipu ndiyo inayokufa kwanza. Fito zipitishwe mkono kutafuta ufa kwenye viungo. Vigingi vihesabiwe na idadi iandikwe. Turubai la juu litazamwe likiwa limeinuliwa kwenye mwanga: tundu la cheche huonekana kama nukta nyeupe yenye ukingo mgumu, wakati lililochanika kwa kuvutwa huwa na nyuzi. Tofauti hiyo ni muhimu siku ya kurudisha. Tundu la cheche maana yake moto ulikuwa karibu mno au ulikuwa mkubwa mno, na hilo ni la mgeni. Mshono uliofumuka kwenye hema lililotumika misimu mitatu ni uchakavu, na huo ni wako. Masharti yaseme hivyo waziwazi, kisha yataje bei ya kila kitu kinachoweza kupotea au kuharibika, kigingi kimoja kimoja, badala ya "mgeni atalipa gharama ya uharibifu". Amana unayoshika isizidi jumla ya vitu hivyo.

Aliyefika usiku hawezi kukagua kwa tochi. Mpe hadi saa 2 asubuhi kutoa taarifa ya kasoro yoyote aliyoikuta, na kasoro iliyotajwa kabla ya saa hiyo asidaiwe. Usiogope kudanganywa: mfanyakazi aliyelisimamisha jioni alishalikagua na kusaini.

Na usimwambie mgeni alikunje hema asubuhi. Hema lililokunjwa na umande huota ukungu ndani ya siku moja mbili, harufu yake haitoki, na wewe ndiwe unayebaki nalo. Andika: "Acha hema limesimama, zipu zimefungwa, ndani hamna kitu." Utalikausha na kulikunja mwenyewe.

Kuhusu moto nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kosa la maneno linaweza kuchoma watu. Sharti linalosema "moto uzimwe kabla ya kulala" halitoshi. Watu wengi huzima kwa kufukia mchanga, wakaona hakuna moshi, wakaenda kulala. Mchanga hauondoi joto, unalifunika. Makaa yaliyofukiwa yanabaki na joto la kuunguza kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto anayekimbia peku hawezi kuona chochote juu yake. Nilishawahi kuweka mkono juu ya shimo lililofukiwa tangu jioni, mchana wa siku ya pili ukikaribia, na joto bado lilinipanda kiganjani. Kwa hiyo andika neno maji. Kila shimo la moto liwe na ndoo mbili za lita 20 zilizojaa kabla kuni hazijakabidhiwa. Mwaga taratibu, koroga majivu kwa fimbo hadi chini, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, hujamaliza.

Moto uwashwe ndani ya mashimo yako tu, umbali wa mita tano au zaidi kutoka hema lolote, likiwemo la jirani. Mahema mengi ni ya nailoni au poliesta, na cheche moja haiyaunguzi tu bali huyayeyusha. Mgeni asiongeze mawe yake kuzunguka shimo. Jiwe lililookotwa mtoni lina maji ndani, na likipata joto huweza kupasuka na kurusha vipande. Kuni ziuzwe na wewe, zikiwa kavu, na masharti yakataze zote mbili: kukata au kuokota kambini, na kuleta kuni kutoka mbali. Hilo la pili wageni huliuliza sana. Sababu ni wadudu wanaoishi chini ya maganda. Kuni zinazosafirishwa huwahamisha hadi kwenye miti ambayo haikuwa nao.

Jipe pia haki ya kufuta moto siku ya upepo, lakini kwa kipimo ambacho mgeni anaweza kukiona mwenyewe. Mimi huandika: "Upepo ukiinua vumbi na karatasi kutoka chini, hakuna moto wa kuni usiku huo, na pesa ya kuni inarudishwa." Hapo hakuna mabishano, maana vumbi linaonekana na wote.

Ukifuta moto, kuna mtu atakayetaka kujipasha joto kwa namna nyingine. Ndiyo maana sentensi hii lazima iwe kwenye masharti, kwenye risiti na kwenye mlango wa kila hema la kukodi: jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe ndani ya hema hata likionekana limezimika. Mkaa unaofifia hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Wengine hudhani kufungua zipu kidogo kunatosha. Hakutoshi. Weka akiba ya blanketi za kuazima bila malipo, na hilo sharti litafuatwa.

Saa za utulivu ni rahisi kuandika vibaya. "Hakuna kelele kuanzia saa 4" inamfanya kila mtu ajipimie kelele. Taja vyanzo vyenyewe: jenereta, muziki, injini inayonguruma gari likiwa limesimama, milango ya gari, king'ora cha kurudi nyuma, na ule mlio wa kufunga gari kwa rimoti ambao mwenyewe hausikii tena. Halafu kumbuka kwamba kwa wasafiri hawa tatizo kubwa huwa ni alfajiri. Mwenye mpaka wa kuvuka anataka kuondoka saa 10 na nusu, na injini ya dizeli anaipasha moto kwa dakika kumi huku akipanga masanduku juu ya gari.

Usimkataze, atakuja kuomba mlinzi usiku na atafunguliwa. Mpangie. Anayetaka kutoka kabla ya saa 12 asubuhi aseme kabla ya saa 2 usiku, ahamishie gari jioni kwenye maegesho ya karibu na geti, kichwa kikitazama nje, mizigo ikiwa imeshafungwa. Amana yake akabidhiwe jioni, isipokuwa ya hema, ambayo itatumwa baada ya ukaguzi wa asubuhi. Injini iwashwe pale getini na kuondoka papo hapo. Makundi yanayosafiri kwa lori moja watu ishirini uyaulize saa ya kuondoka siku ile ile wanapohifadhi nafasi, kwa sababu sufuria zao huanza kugongana saa nzima kabla ya lori kuwaka.

Fomu ya kuhifadhi nafasi, basi, iulize mambo machache yanayohusu haya: saa unayotarajia kufika, saa ya kuondoka, idadi ya magari na urefu wa kila moja, mahema mangapi ya kukodi na mangapi yako, na kama unataka kuni. Mgeni asiyefika kabisa na asiyetoa taarifa, mshikie kiwanja hadi saa 6 mchana wa siku ya pili kisha ukiachie. Aliyetoa taarifa kwamba gari limeharibika, mhamishie tarehe badala ya kubishana naye kuhusu marejesho. Safari zao huharibika kweli, na wengi hufika wiki moja baadaye wakiwa wameshika risiti ileile.

Jambo la mwisho ni funguo. Geti likifungwa usiku, lisifungwe kwa namna ambayo mtu mgonjwa au moto utakuta mlinzi hayupo. Kila zamu iwe na mtu mmoja anayelala ndani ya umbali wa kusikia filimbi kutoka getini, na funguo ya pili itundikwe ndani ya kisanduku chenye kioo upande wa ndani wa geti. Andika kwenye masharti kilipo kisanduku hicho, kisha umwonyeshe kila mgeni kwa kidole anapoingia, hata yule aliyefika saa 2 na dakika 40 na anachotaka ni kulala tu.